Mkopo wa HELB: Kwa nini deni linapanda wakati hujaongezewa hata shilingi?

Mhitimu anafungua taarifa ya mkopo wake wa HELB kwenye simu, anaona salio, anashtuka. Alikopa KSh 160,000 kwa miaka minne ya chuo, na sasa anadaiwa karibu KSh 240,000. Wengi hufunga ukurasa hapo hapo, kumbe jibu liko kwenye mistari iliyo juu ya hilo salio.

Mistari ya kwanza ni ya pesa zilizotolewa. Kila muhula mkopo hugawanywa mara mbili: sehemu ya karo huenda moja kwa moja chuoni, na sehemu ya matumizi huingia kwa mwanafunzi mwenyewe. Zote mbili ni deni lake, hata ile ambayo hakuwahi kuishika. Ndiyo maana komredi aliyepiga hesabu ya pesa zilizoingia kwenye akaunti yake tu huona taarifa "imemzidishia". Ufadhili wa serikali usiorudishwa ni kitu kingine, na haufai kuonekana kwenye deni hili.

Tatizo la kweli huwa kwa aliyeahirisha masomo. HELB inaweza kuwa imetuma karo chuoni kwa muhula ambao yeye alikuwa nyumbani. Cha kufanya ni kuweka taarifa ya HELB kando ya taarifa ya karo ya chuo na kulinganisha muhula kwa muhula. Pesa ikionekana imetoka HELB lakini haikutumika chuoni, chuo ndicho kinapaswa kuirudisha, na mwanafunzi afuatilie kwa maandishi.

Baada ya hapo huja tozo, na hapa ndipo deni huota mbawa. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kuna pia ada ya leja, KSh 1,000 kwa mwaka. Mhitimu hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Mwaka huo ukipita bila malipo, faini ya KSh 5,000 huanza kuongezwa kila mwezi.

Tumchukue yule mhitimu wetu. Tuseme siku deni lake lilipokomaa lilikuwa KSh 172,000, riba ya miaka ya nyuma ikiwemo. Hakuwa na kazi, akanyamaza mwaka mzima. Riba ya mwaka huo ni KSh 6,880. Ada ya leja ni KSh 1,000. Faini za miezi 12 ni KSh 60,000. Jumla sasa ni KSh 239,880.

Watu hulalamikia riba, lakini kwenye hesabu hii riba ni kitu kidogo sana. Kinachomla ni faini, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya deni aliloanza nalo mwaka huo. Tena faini haiangalii ukubwa wa deni: aliyebakiza KSh 30,000 hutozwa KSh 5,000 ile ile kwa mwezi, na ndani ya miezi sita faini huwa zimefika kiasi cha deni lenyewe. Kwa hiyo asiye na kazi hana faida ya kunyamaza. Afadhali aiandikie HELB mapema, kabla mwaka wa neema haujaisha, aeleze hali yake na aombe kiasi anachokiweza.

Kuna na aliyeajiriwa, anayekatwa kila mwezi, lakini bado anaona faini. Huyu achukue hati zake za mshahara na azilinganishe na mistari ya malipo. Mwajiri huwasilisha makato baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo malipo ya mwezi uliopita kutoonekana bado si ajabu. Miezi miwili au mitatu ikikosekana, ama mwajiri amekaa na pesa, ama zimetumwa kwa nambari ya kitambulisho isiyo sahihi. Sheria inamwadhibu mwajiri anayechelewesha makato, hivyo mfanyakazi ana haki ya kupeleka hati hizo HELB na kuomba malipo yaingizwe na faini za miezi hiyo ziondolewe.

Wengine husubiri msamaha. Ni kweli HELB imewahi kusamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, lakini kinachosamehewa huwa ni faini. Yule mhitimu wetu akisamehewa faini zote KSh 60,000, bado atatakiwa kuwa na KSh 179,880 mkononi.

Salio linaweza kuangaliwa kwa *642#, ila kwa mistari yote ni lazima kuingia kwenye tovuti ya HELB na kupakua taarifa kamili.