Shadda inavyomtenga mwalimu wa Kiingereza na mwalimu Mwingereza

MWALIMU mmoja kijana, aliyekuwa mwanafunzi wangu miaka kadhaa iliyopita, alinipigia simu majuzi akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu ndani yake. Alikuwa amehojiwa kwa simu na shule moja ya ng'ambo iliyotafuta mtu wa kufundisha Kiingereza. Alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu: 'I am an English teacher.' Pakawa na kimya kidogo, kisha mhojaji akataka kujua alizaliwa pande zipi za Uingereza.

"Mwalimu, kwani nilisema nini?" akaniuliza.

Nilimwomba arudie sentensi ile jinsi alivyoitamka siku hiyo. Sarufi yake ilikuwa safi. Matamshi ya kila neno, ukilichukua peke yake, yalikuwa safi pia. Lakini alikuwa ameiweka shadda kwenye neno la mwisho: 'English TEAcher'. Kwa sikio la mzawa wa lugha hiyo, alikuwa amejitambulisha kama mwalimu ambaye ni Mwingereza. Anayefundisha Kiingereza ni 'ENGlish teacher', shadda ikiwa juu kwenye silabi ya kwanza kabisa. (Silabi ninazoandika kwa herufi kubwa ndizo zinazobeba shadda kuu.)

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Sote tulifundishwa shuleni kwamba 'baraBAra' ni njia ya kupitia magari, na 'baRAbara' ni sawasawa. Tofauti ni kwamba kwetu jozi kama hizo ni chache, za kuhesabika kwa vidole. Katika Kiingereza, kuhama kwa shadda ni chombo cha kila siku cha kutofautisha miundo miwili: nomino ambatani na kirai chenye kivumishi na nomino.

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Maneno mawili yakiungana kuwa nomino moja, shadda kuu hukaa kwenye neno la kwanza. Yakibaki kuwa kivumishi na nomino inayosifiwa, yote mawili husikika kwa nguvu, lakini zito zaidi ni la mwisho. Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao cha 1968 kuhusu mfumo wa sauti za Kiingereza, walizieleza kama kanuni mbili zinazotenda kazi kwa pande tofauti, moja ikihusu ambatani na nyingine ikihusu virai.

Chukua 'GREENhouse'. Mkulima wa maua kule Naivasha anayo, na plastiki iliyoifunika yaweza kuwa nyeupe pepepe. Rangi haina neno hapa. Lile ni jina la kitu. Lakini 'green HOUSE' ni nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani, hata kama ndani yake hamna mmea hata mmoja. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kupachika 'very' mbele. 'A very green HOUSE' inakubalika, kwa sababu kivumishi kingali huru na chaweza kuzidishwa. Ukipachika 'very' kwenye 'GREENhouse' sentensi inavunjika, maana 'green' hapo imekwisha kumezwa na jina. Ndiyo maana pia ubao wa darasani waweza kupakwa rangi ya kijani na bado ukaitwa 'BLACKboard' pasipo mtu kuona ajabu.

Tahadhari: usitegemee maandishi. Kiingereza huandika baadhi ya ambatani kama neno moja, nyingine kwa kistari na nyingine kwa kuacha nafasi. 'HIGH school' huandikwa kwa nafasi katikati, na ni ambatani vilevile. 'English teacher' huandikwa namna moja kwa maana zote mbili. Macho hayakusaidii.

Sasa tazama maneno matatu yakikutana: 'light', 'house' na 'keeper'. Ukiipa silabi ya kwanza shadda kuu, 'LIGHThouse keeper', umemtaja mtunzaji wa mnara wa taa ule unaoongoza meli baharini. 'Light' na 'house' zimeungana kwanza, kisha zikaungana na 'keeper'. Ukiihamishia shadda kwenye neno la pili, 'light HOUSEkeeper', umemtaja mtunza nyumba ambaye mwili wake ni mwepesi. Hapa 'housekeeper' ndiyo ambatani, na 'light' imebaki nje ikiisifu. Sauti ni zilezile na mfuatano ni uleule, lakini huyu yuko pwani na mwenzake yuko jikoni.

Na hiyo shadda yenyewe ni nini? Wengi hudhani ni kupaza sauti tu. Kinachosikika zaidi ni kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Katika 'ENGlish teacher' sauti hupanda kwenye 'Eng', ikashuka, kisha neno 'teacher' likapita chini chini bila kupanda tena. Makosa mengi hutokea hapo. Msemaji huipandisha sauti vizuri kwenye neno la kwanza, halafu akaipandisha tena kwenye la pili, na ule upandaji wa pili ndio unaoshinda masikioni mwa msikilizaji.

Kwa nini sisi huteleza? Kiswahili kimetuzoesha kuweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata ambatani zetu hutii hivyo: katika 'mwanasheRIa' shadda imehamia upande wa kulia, huku 'mwana' ikipoteza ile yake. Isitoshe, hatukuhitaji shadda kwa kazi hii. Tunasema 'mwalimu wa Kiingereza' na 'mwalimu Mwingereza'. A-unganifu na kiambishi cha ngeli vimemaliza mambo. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoingia Kiingereza huacha vifaa hivyo mlangoni na hajui ni kipi kimechukua nafasi yake.

Nisikudanganye kwamba kanuni hii haina mianya. Majina ya njia za mijini yanayoishia kwa 'Street' hufuata mkazo wa ambatani, 'OXford Street', lakini yanayoishia kwa 'Road' huweka mkazo mwishoni, 'Oxford ROAD'. 'APple cake' na 'apple PIE' zote ni vitamutamu vya tofaa, na kila moja ina mkazo wake. 'Black MARket', soko la magendo, ni jina lenye maana yake maalumu, na bado linatamkwa kama kirai. Kwa hivyo mkazo wa mwanzo ni ushahidi mzuri kwamba una ambatani mbele yako, lakini ukiukosa usikate kauli mara moja. Rudi kwenye kile kipimo cha 'very'.

Tena kuna mkazo wa kulinganisha, unaoweza kuvuruga kila kitu. Nikisema sitaki nyumba nyekundu, nataka 'the GREEN house', nimeipa 'green' shadda kuu ingawa hiki ni kirai kabisa. Ndiyo sababu kipimo cha haki ni kulitamka fungu la maneno peke yake, pasipo ubishi wowote uliotangulia.

Mwanafunzi wangu alifanya mazoezi kwa wiki moja, akirekodi sauti yake kwenye simu na kuisikiliza. Kisha akaniuliza swali lililonifurahisha: kwa kuwa anafundisha Kiswahili pia, ajiiteje? Nikamwambia aseme 'SwaHIli teacher' na ahakikishe sauti haipandi tena mwishoni. Yeye ni mzaliwa wa Machakos, na akisema 'Swahili TEAcher' ataulizwa anatoka mtaa gani wa Lamu.