Picha Iliyofutwa Instagram: Siku Thelathini za Kuirudisha

Miradi yetu mingi sasa huweka kumbukumbu zake kwenye Instagram: picha za visima, za vikundi vya akina mama, na za makabidhiano ambayo wafadhili husubiri kuyaona. Mtu anapofuta picha moja kwa bahati mbaya, haipotei papo hapo. Huhamishiwa mahali paitwapo Recently deleted, na hapo hukaa siku 30.

Tuchukue mfano. Mtunza ukurasa wa mradi amefuta picha za kisima tarehe 3 Mei. Ana muda hadi tarehe 2 Juni. Afungue ukurasa wa mradi, abonyeze mistari mitatu iliyo juu kulia, kisha Your activity, na baadaye Recently deleted. Achague picha anayoitaka, abonyeze Restore, nayo itarudi kwenye ukurasa. Ajihadhari na neno Delete lililo jirani, kwa kuwa likibonyezwa hapo picha huondoka moja kwa moja hata kama siku 30 hazijatimia.

Wengi hukwama katika hatua ya mwisho. Kabla ya kurudisha kitu, Instagram inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa simu au barua pepe iliyosajiliwa, ili mwizi wa akaunti asipate nafasi ya kuvuruga vilivyofutwa. Sasa, kama ukurasa ulifunguliwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyekwisha kuondoka, namba itakwenda kwake, huku siku zikihesabika. Kwa sababu hiyo simu na barua pepe ya ukurasa ziwe za ofisi, na zibadilishwe siku ileile mhusika anapokabidhi kazi.

Stori zina saa yake. Ikiwa stori ilihifadhiwa kwenye Archive, nayo hupewa siku 30 baada ya kufutwa. Ikiwa haikuhifadhiwa humo, hukaa muda usiozidi saa 24. Iliyofutwa Ijumaa jioni, basi, haitamngoja mtu anayerudi ofisini Jumatatu.

Ujumbe wa faragha ni jambo jingine kabisa, kwani hauingii katika Recently deleted. Kama mwanakikundi alituma hesabu za mazao kwa njia hiyo na mazungumzo yakafutwa katika simu yako, usihangaike kuyatafuta humo. Mwombe aliyekutumia, maana kwa kawaida nakala yake bado ipo kwake. Lakini kama yeye mwenyewe ndiye aliyeuondoa ujumbe aliotuma, unatoweka pande zote mbili.

Baada ya siku 30, kilichobaki ni picha halisi iliyopigwa. Ikiwa ilifutwa pia katika simu iliyoipiga, na hakuna nakala kwenye kompyuta ya ofisi, taarifa ya kisima itakwenda kwa mfadhili bila picha.