Kutoka Picha ya Notisi hadi Barua ya Pingamizi: Kazi ya Mfasiri kwa Mpangaji Aliye Ujerumani

Makala hii inajadili kazi ndogo ambayo wafasiri wa Kiswahili wa Afrika Mashariki hupewa mara kwa mara: ndugu aliye ughaibuni hupiga picha karatasi aliyoletewa na mwenye nyumba, huituma kwa simu, na huomba kuelezwa imesema nini. Hoja yetu ni kwamba tafsiri sahihi ya maneno haitoshi, kwani jibu linaloandikwa baada yake laweza kuipoteza haki ambayo karatasi yenyewe haikuigusa.

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya mjadala huu. Mpangaji amekaa katika nyumba moja nchini Ujerumani tangu Agosti 2023. Karatasi imeandikwa tarehe 2 Machi 2026 na inamtaka ahame kufikia tarehe 31 Mei, kwa kuwa binti wa mwenye nyumba anaihitaji nyumba hiyo. Yeye ni mjamzito na anatarajia kujifungua mwezi Juni.

Jambo la kwanza ni jina la karatasi. Mfasiri akiiita “amri ya kuhama”, mpangaji ataanza kufunga mizigo. Hii ni notisi ya kusitisha upangaji. Amri ya kumtoa mtu nyumbani hutolewa na mahakama peke yake. Notisi ina masharti yake. Kwa mujibu wa kifungu cha 568 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, lazima iwe ya maandishi yenye saini ya mkono. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza: je, mpangaji anayo karatasi yenyewe, au naye alitumiwa picha tu?

Jambo la pili ni tarehe, na hapa ndipo picha hudanganya zaidi. Kinachohesabiwa ni siku notisi ilipomfikia mpangaji, wala si siku ilipoandikwa. Kwa upangaji usiozidi miaka 5, notisi iliyofika kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kupita huumaliza upangaji mwishoni mwa mwezi wa pili unaofuata. Machi 2026 ilianza Jumapili. Siku ya tatu ya kazi ilikuwa Jumatano, tarehe 4. Ikiwa barua ilitiwa sandukuni tarehe 6, basi mwisho si 31 Mei bali ni 30 Juni. Hilo halionekani popote katika picha. Litajulikana kwa kuuliza, na kwa kuomba picha ya bahasha.

Aidha, ukurasa wa nyuma huachwa mara nyingi. Huko ndiko yanakoweza kuwapo maelezo kuhusu haki ya kupinga, iliyo katika kifungu cha 574: mpangaji anaweza kudai upangaji uendelee ikiwa kuhama kutamletea dhiki isiyostahimilika, yeye au jamaa zake. Pingamizi limfikie mwenye nyumba angalau miezi 2 kabla ya upangaji kwisha. Kwa tahadhari, mpangaji wetu ahesabu kwa tarehe iliyoandikwa, yaani apeleke kabla ya 31 Machi. Tangu mwaka 2025 barua pepe inakubalika, ingawa ushahidi wa kupokelewa kwake ni dhaifu kuliko wa barua iliyopelekwa mbele ya shahidi.

Sasa barua. Adabu ya Kiswahili humvuta mwandishi aanze kwa shukrani, aombe radhi, kisha aseme “nimeikubali barua yako, naomba uniruhusu nibaki kidogo”. Ikihamishiwa Kijerumani, sentensi hiyo yaweza kusomwa kama ridhaa ya kuhama iliyofuatwa na ombi la hisani. “Nimepokea” si “nimekubali”, na “naomba” haitoshi pale sheria inapotaka “napinga”. Tunapendekeza rasimu hii:

“Mheshimiwa, nimepokea notisi yako iliyoandikwa tarehe 2 Machi 2026, ilinifikia tarehe 6 Machi. Ninapinga kusitishwa kwa upangaji na ninadai uendelee. Nina mimba na ninatarajia kujifungua mwezi Juni. Kuhama wakati huo ni dhiki kubwa kwangu. Tafadhali nithibitishie kwa maandishi kwamba umeipokea barua hii. Wako, (saini).”

Barua haimtukani mtu wala haitaji siku ya kuhama. Wapangaji wakiwa wawili katika mkataba, watie saini wote wawili.

Rasimu hii ina mpaka. Ikiwa mwenye nyumba ana sababu ya kusitisha upangaji papo hapo, kwa mfano malimbikizo ya kodi ya miezi miwili, haki ya kupinga kwa dhiki haipo. Mfasiri akiona katika karatasi maneno yenye maana ya “bila muda wa notisi”, asiandike barua yoyote. Ampeleke mpangaji kwa wakili au chama cha wapangaji cha mji wake siku hiyo hiyo.