Anaimba "ma, me, mi, mo, mu", lakini hasomi

Chukua karatasi tupu, andika *mo* peke yake, kisha mwulize mtoto wa darasa la kwanza: hapa pameandikwa nini? Wengi hawatajibu mara moja. Watanong'ona kwanza "ma, me, mi, mo", ndipo waseme kwa sauti: mo! Jibu ni sahihi, ila mtoto hajasoma. Ameimba wimbo wa ubaoni mpaka akafika penye silabi unayoitaka. Mpe *mo* hiyo hiyo ndani ya neno *kimoja* na wimbo hautamsaidia tena.

Tatizo haliko kwenye silabi zenyewe. Kiswahili ni lugha ya silabi, na kila mwalimu wa madarasa ya chini anajua hivyo. Tatizo ni kumpa mtoto silabi nzima kabla hajajua imejengwa na nini. Tangu mtaala wa KKK uanze Tanzania mwaka 2015, na mpango wa Tusome upande wa Kenya mwaka huo huo, walimu wengi wameelekezwa kuanza na sauti ya herufi, kisha kuziunganisha sauti kuwa silabi, halafu silabi kuwa neno. Nyumbani bado tunaanza na wimbo, na mara nyingi tunaanza na majina ya herufi: a, be, che, de. Mtoto aliyeambiwa kwamba K ni "ke" atasoma *ka* kama "ke-a", na kwa jinsi alivyofundishwa hajakosea. Jina la herufi linaweza kungoja. Anachohitaji kwanza ni sauti.

Anza na irabu, maana zipo tano tu na hazibadiliki kamwe: *a* ya *baba* ndiyo *a* ya *sahani*. Lakini usizimwage zote siku moja. Watoto huchanganya *e* na *i*, na huchanganya *o* na *u*, kwa hiyo fundisha *a*, *i* na *u* kwanza, zikae, ndipo ulete *o* na *e*. Kwa sababu hiyo hiyo *b* na *d* zisifundishwe juma moja. Zinafanana kwa umbo, na zikiingia pamoja zitasumbua hadi darasa la pili.

Baada ya irabu, njoo na konsonanti ambazo mtoto anaweza kuzivuta mdomoni bila kukata: *m*, *l*, *n*, *s*. Sema "mmmm" na utaona inavutika. Jaribu kuvuta *k* au *t* na utashindwa. Zinapasuka mara moja na kuisha, na wengi wetu tukizitamka peke yake tunazibandika irabu isiyokuwepo. Ndiyo maana zinafuata nyuma. Na *m* pekee pamoja na irabu, mtoto ana *mama*, *mimi*, *uma* na *ama*. Ukiongeza *l* anapata *lala*, *lima*, *mali*, *lami*, *mila*. Ikija *k*, anasoma *kuku*, *kaka*, *kula*, *kulima*. Sauti mbili kwa juma zinatosha kabisa, na kila sauti mpya isomwe ndani ya maneno yenye sauti za zamani tu. Kitabu kinachomletea *ng'ombe* juma la pili kwa sababu ya picha nzuri kinamfundisha kukisia.

Sasa tuchukue *lima* polepole, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Weka kidole chini ya *l*, mtoto avute sauti "llll", na bila kukata pumzi telezesha kidole hadi *i*: "lllliii". Kisha haraka: *li*. Fanya vivyo hivyo kwa *ma*. Akisema "l", akanyamaza, akasema "i", sauti hazitaungana hata arudie mara ishirini. Kule kunyamaza ndiko kunakoharibu. Kwa *ka* mbinu inabadilika kidogo: mwambie aandae mdomo kwa *k* lakini asiitoe, atazame *a*, kisha azitoe kwa pamoja.

Atakuwa na *li* na *ma*, na mara nyingi atakwama hapo akikutazama. Ametamka silabi zote, lakini hajalisikia neno. Sababu ni kwamba ametamka silabi zote kwa uzito sawa, na hakuna Mswahili anayezungumza hivyo. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwambie aseme tena kwa haraka kama anavyoongea: LIma. Uso utabadilika hapo hapo, kwa sababu neno hilo alikuwa nalo siku zote. Usimsomee wewe. Ukimwahi, umemnyang'anya kazi yenyewe.

Herufi moja moja zikiisha, zinakuja zinazotembea kwa jozi: *ch*, *sh*, *ny*, kisha *th*, *dh* na *gh*. Zifundishe kama sauti moja, si mbili. *Ng* ya *ngoma* na *ng'* ya *ng'ombe* zipewe siku tofauti. Mwisho kabisa njoo kwenye *mb*, *nd*, *nj*, *mw*, *kw*. Hapa makofi yanasaidia kuliko maelezo: *mbuzi* ni makofi mawili, mbu-zi, lakini *mtoto* ni matatu, m-to-to, kwa kuwa *m* yake ni silabi kamili.

Zoezi la kila siku lisizidi dakika kumi na tano, na lifanyike kabla mtoto hajachoka, si baada ya chakula cha usiku. Kata kadi kwenye boksi la sabuni, uandike herufi moja kwa kila kadi. Dakika mbili za mwanzo, zipitishe kadi za zamani zikiwa zimechanganywa, asije akakariri mpangilio. Dakika tatu ni za sauti mpya: aisikie, aitamke, aiandike kwa kidole mchangani au kwa penseli daftarini. Dakika tano za kuunganisha ndizo zisizorukwa hata siku moja. Panga kadi mezani, *l-i-m-a*, asome, kisha badilisha kadi moja tu ili neno liwe *lala* au *mali* kwa hatua chache. Kisha imla ya maneno matatu. Wazazi wengi huiacha, nami naona ni kosa, maana mtoto anayeweza kuandika *kulima* kwa kusikia hawezi kuwa anakisia. Dakika zinazobaki asome sentensi moja, *Mama alilima*, na umwulize: nani alilima? Kiswahili kinasomeka kwa urahisi kiasi kwamba mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa chochote, na swali hilo moja litakuonyesha.

Ijumaa mpime kwa maneno yasiyokuwepo: *lomi*, *kasu*, *timule*. Hayana picha, hayako kwenye wimbo, na hajawahi kuyasikia. Akiyasoma manane kati ya kumi, ongeza sauti mpya Jumatatu. Asipofika, rudia juma lile lile bila fimbo wala kejeli. Na ikiwa majuma manne yamepita, zoezi limefanyika kila siku, na bado sauti tano hazikai kichwani, mpeleke zahanati apimwe masikio na macho kabla hujamwita mzito.