Je, Wajua? Prius Ina Matangi Mawili ya Kulanti

Fungua boneti ya Toyota Prius ya mwaka 2010 hadi 2015. Utaona tangi la kulanti la injini, na jingine dogo karibu na inveta, kile kisanduku kinachobadili umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota. Matangi haya hayaungani. Yote hutumia kulanti ya waridi ya Toyota, ambayo huuzwa ikiwa imeshachanganywa, kwa hiyo usiiongezee maji, hasa ya bomba: chumvi yake huleta kutu na uchafu kwenye vinjia vyembamba vya inveta.

Washa gari hadi neno READY litokee, kisha chungulia tangi la inveta. Kulanti ikichezacheza, pampu inafanya kazi. Ikitulia kimya, huenda pampu imekufa au kuna hewa ndani. Usiendelee na safari, maana inveta ni ghali kuliko pampu mara nyingi.

Giaboksi nayo ina mota za umeme ndani yake, na oili inapita kwenye nyaya za mota hizo. Ndiyo maana Toyota inataka ATF WS, kiasi cha lita 3.4, wala si oili yoyote ya giaboksi ya otomatiki iliyopo dukani. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia: gari likiwa limesimama sawasawa, fundi hujaza hadi oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Fundi akikuambia oili zote ni sawa, tafuta gereji nyingine.