Kumshukuru meneja aliyekushikia kazi

Ujumbe ulitumwa saa tano usiku kwenye kundi la WhatsApp la idara, watu wote kumi na wanane wakiuona. Kijana aliyekuwa ametoka kumuuguza baba yake alimwandikia meneja wake kwamba yeye ni zaidi ya mzazi, kwamba hana cha kumlipa mpaka anaingia kaburini, kwamba bila yeye asingekuwa hai. Kesho yake meneja alikuja ofisini kwangu akiwa amekunja uso. Siku tatu alizompa kijana yule zilikuwa za kuelewana kwa mdomo, bila fomu. Sasa kundi zima lilikuwa limejua, na mmoja wao alikuwa amenyimwa ruhusa ya namna hiyohiyo mwezi uliotangulia. Wiki haikuisha kabla meneja hajaitwa kutoa maelezo.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Kila neno alilimaanisha. Nimekaa upande wa rasilimali watu kwa miaka 14 na nimeona shukrani za kweli zikimletea tabu mtu anayeshukuriwa, kwa sababu mwandishi hakukaa kwanza akajiuliza alitendewa nini hasa.

Swali hilo lina jibu la kisheria, na ni vizuri kulijua kabla ya kushika kalamu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa dharura za kifamilia. Lakini soma orodha yake. Ugonjwa unaotajwa ni wa mtoto wako. Kwa mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu, kinachotajwa ni kifo. Mama yako akianguka akalazwa, siku zile 4 hazimhusu. Utakazopata zitatoka kwenye likizo yako ya mwaka, au kwenye utaratibu wa ndani wa kazini kwenu, au kwenye utu wa meneja wako.

Hapo ndipo maneno ya shukrani yanapotengana. Mtoto wako alipolazwa na meneja akasaini fomu, alitekeleza sheria. Mshukuru kwa wepesi wake, si kwa kukupa kilicho chako. Ukiandika kana kwamba amekuhurumia, unamzoesha yeye na unajizoesha mwenyewe kuiona haki kama sadaka, na mwenzako atakayefuata atajikuta anaomba kwa magoti. Mama yako alipolazwa na meneja akakuachia uende, akakaa yeye kwenye kiti chako, hapo ametoa cha kwake. Hicho ndicho cha kukitaja kwa jina.

Nitaeleza mfano mmoja ninaoujua vizuri, kwa sababu barua iliyotokana nao ndiyo ninayowaonyesha watu wanapokuja kuniuliza. Mhasibu mmoja wa hapa Mbeya alipigiwa simu Jumapili usiku, tarehe 3. Mama yake alikuwa ameanguka nyumbani Kyela, upande wa kulia umekufa ganzi, ndugu wamekodi gari wanapandisha naye kuja mjini. Alimpigia meneja wake saa ileile. Kwa mtu wa uhasibu, tarehe 3 ni wakati mbaya kuliko yote. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, ile tunayoiita PAYE, lazima iwasilishwe na kulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ikichelewa kuna adhabu na riba. Karatasi zote zilikuwa mezani kwake, hazijamalizika.

Kuwa mji mmoja na hospitali hakukumsaidia. Anayemjua mgonjwa wa kiharusi wodini anajua kwamba ndugu ndiye anayemgeuza, anayemlisha uji kwa kijiko, anayekimbilia dawa. Mhasibu yule hakukanyaga ofisini mpaka Alhamisi ya tarehe 14. Meneja alimwambia aende, fomu zitafuata, na zikafuata kweli: siku zake ziliingizwa kwenye likizo ya mwaka. Kisha meneja akakaa jioni mbili akaandaa kodi ile mwenyewe. Fedha za matumizi madogo alimkabidhi kijana wa stoo. Na akafanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: aliwaambia watu wa idara wasimpigie mhasibu simu ya kazi, chochote kikikwama waende kwake.

Akiwa bado wodini, mhasibu alituma mstari mmoja tu: "Dada, tumelazwa, mama anatambua watu. Asante, nitakupa taarifa Ijumaa." Inatosha. Katikati ya dharura meneja hahitaji barua, anahitaji kujua lini atasikia tena kutoka kwako. Siku aliyorudi aliingia ofisini kwa meneja asubuhi, akapewa pole, akajibu kwamba ameshapoa, akashukuru kwa mdomo. Jioni yake akaandika hivi, kwa meneja peke yake:

"Dada, habari za jioni. Mama alitoka wodini Jumatatu, yuko kwangu. Anaongea, ila mkono wa kulia bado hauna nguvu.

Nakushukuru kwa kuniruhusu usiku ule bila kusubiri fomu, na kwa kuiandaa mwenyewe kodi ya mishahara ikaingia kabla ya tarehe 7. Nakushukuru pia kwa kuwaambia wenzangu wasinipigie. Siku zile za kwanza nilikuwa peke yangu na mama, na simu yangu haikulia hata mara moja kwa habari za ofisi.

Nimeshapokea kazi zangu zote. Usuluhishi wa hesabu za benki nitaumaliza Jumanne. Kijana wa stoo nimemshukuru, hesabu yake imekaa sawa. Mama ana kliniki Jumanne ya tarehe 26. Fomu ya siku hiyo nitakuletea kesho.

Mungu akubariki."

Tazama anavyoanza na mgonjwa. Kwetu mtu aliyekupa pole anakuwa na haki ya kujua mgonjwa anaendeleaje, na ukimnyima habari hiyo barua inakuwa kama stakabadhi. Lakini amempa kiasi: mama yuko wapi, ana hali gani. Habari za usiku wa kwanza, za alivyolia kwenye korido, hazimo. Hizo ni za dada yake na shoga zake. Meneja akizisoma atajikuta hajui aseme nini, na kesho yake atashindwa kumwuliza kuhusu ankara kwa sauti ya kawaida.

Joto la barua lipo kwenye sentensi ya simu. Hakuna neno "sana" ndani yake, hakuna "kutoka moyoni". Ametaja kitendo, akataja kilichofuata upande wake, mahali ambapo meneja hakuwepo na asingeweza kukiona. Meneja alijua ametoa agizo. Hakujua agizo lile lilifika mpaka kando ya kitanda. Ukitaka kujua kama shukrani yako imeshika kitu, tafuta ndani yake jambo ambalo aliyekutendea hakulijua mpaka alipokusoma. Likikosekana, umeandika "asante kwa yote," na hiyo hata aliyekuuzia nyanya unaweza kumwambia.

Lugha yetu inasaidia hapa kuliko watu wanavyofikiri. "Nakushukuru kwa ku-" inakulazimisha uweke kitendo mbele, haikuachii kuelea. Ila lugha hiyohiyo ina mitego, na mkubwa ni "sina cha kukulipa". Baina ya ndugu ni maneno mazuri. Baina ya mtu na mkubwa wake wa kazi yanafungua deni ambalo hakuna aliyelidai, na siku meneja atakapokupa onyo halali kwa kuchelewa, wote wawili mtalikumbuka. Mtego wa pili ni kuomba msamaha badala ya kushukuru: "samahani kwa usumbufu niliouleta." Mama kuugua si kosa la mtu. Ukijaza samahani, meneja analazimika kukubembeleza, na shukrani yenyewe inapotea. Dua nayo nisingependa aiache mtu aliyezoea kuombeana heri. Moja, mwishoni, inatosha. Zikifika tatu msomaji anaanza kuziruka.

Habari za kazi zilizofuata wengine huziona baridi. Mimi naona ndizo zilizomgusa meneja zaidi, maana aliyekushikia kazi amebeba mzigo wa mtu mwingine juu ya wake, na anachokisubiri ni kusikia umeupokea. Sema umepokea nini, na lini utamaliza kilichobaki. Usiahidi kufidia kwa kukesha. Aliyetoka kuuguza siku kumi hana usiku wa kukopesha, na ahadi ikivunjika wiki ya kwanza inaichafua barua nzima. Kijana wa stoo naye katajwa, maana mzigo ulishikwa na zaidi ya mmoja, na yeye ndiye ambaye angesahauliwa.

Kuhusu nakala kwa mkurugenzi: usitume bila kumwuliza meneja. Anaweza kupenda, na kwake sifa ya maandishi ina thamani wakati wa tathmini ya mwaka. Anaweza pia kuwa alikubeba kwa njia ambayo haikupita kwenye karatasi, kama yule wa kundi la WhatsApp. Swali moja la mdomo linatosha: "Dada, naweza kumweleza mkurugenzi ulivyonisaidia?" Akisita, acha, wala usimuulize sababu.

Zawadi inahitaji uangalifu zaidi. Mjomba wa mhasibu alikuwa ameleta mchele wa Kyela, na kwa mila yetu mtu hatoki kwenye jambo kama lile akarudi mikono mitupu. Lakini zawadi kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wa kazi inaweza kusomeka kama malipo ya ruhusa, na sehemu nyingi za kazi zina taratibu zinazoizuia au kuiwekea kiwango. Alichofanya yeye nakikubali kabisa: mchele ulipikwa siku ya Ijumaa, idara nzima ikala, meneja akiwa mmoja wa walaji.

Barua yake ilijibiwa kesho yake asubuhi. Meneja aliandika: "Nimepata. Msalimie mama. Tarehe 26 malipo nitashika mimi, wewe mpeleke kliniki."