Mpangaji Aulizwe Kabla Hajafunga Mizigo

Katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, ambako dhahabu ya mgodi wa North Mara imekuwa ikichimbwa tangu mwaka 2002, mwenye nyumba huona wapangaji wakija na kuondoka, naye aghalabu huwasingizia wote kuwa wamefuata kazi, ilhali wengine wamekimbia choo chake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba kumi yenye mita moja ya LUKU, kodi ya kila chumba ikiwa shilingi 50,000 kwa mwezi na kulipwa miezi sita kwa mkupuo. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili, shilingi 100,000 zimepotea, mbali na rangi na kitasa kipya. Wasaa wa kuuliza ni mwezi wa nne wa kodi hiyo, kwani katika juma la mwisho mpangaji huwa amekwisha kumpa dalali ujira wake kwingineko.

Maswali manne yatosha. Unakusudia kuendelea kukaa: ndiyo, la, au hujaamua? Ukiondoka, sababu itakuwa kazi au nyumba? Baina ya maji, umeme, choo na ulinzi, ni kipi kimoja kinachokuudhi zaidi? Kitu kilipoharibika mara ya mwisho, kilitengenezwa baada ya siku ngapi? Usiulize kwa pamoja kama maji na umeme vinaridhisha, maana aliyepata kimoja na kukosa cha pili hatajua ajibu nini. Wala usiulize habari ya kodi ikiwa hukusudii kuipunguza, kwa kuwa jawabu lake unalijua tangu hapo.

Karatasi isiwe na jina wala namba ya chumba, majibu yawe ya kutia alama tu ili mwandiko usimfichue mtu, nayo itumbukizwe katika sanduku lililofungwa, wala asiikusanye yule anayedai kodi, kwani mbele yake kila mtu atasema mambo ni shwari.

Tuseme zimerudi karatasi nane. Watano wanaendelea kukaa, na wote wanalalamikia choo. Mmoja anaondoka kwa sababu ya kazi, na huyo hazuiliki. Wawili hawajaamua, nao wote wametaja umeme. Mwenye haraka atahesabu kura na kujenga choo, walakini kinachotishia kuhamisha watu ni umeme, kwa sababu gharama hugawanywa sawasawa kati ya mwenye friji na mwenye taa moja. Hapo fedha ya kwanza iende kwenye mita ndogo ya kila chumba, na choo kipewe tarehe iliyo dhahiri. Wapangaji wote waitwe waelezwe litakalofanyika na lisilowezekana, pasipo kudodosa nani alijibu nini. Wasipoambiwa kitu, safari ya pili sanduku litarudi tupu.

Matokeo yapimwe kwa kuhesabu miezi ambayo vyumba vilikaa vitupu mwaka uliotangulia na mwaka unaofuata, huku walioondoka kwa ajili ya kazi wakiandikwa kando. Hata hivyo, katika vyumba kumi, tofauti ya mpangaji mmoja yaweza kuwa bahati tu, basi afadhali kungoja mwaka wa pili kabla ya kuisifu mita.